Chenji nilimpa bibi mkononi, sasa familia inaniuliza

*Habari za kazi, mshauri. Jirani yetu ni bibi wa miaka 78 anayeishi peke yake. Watoto wake watatu wote wako mbali. Kwa muda mrefu nimekuwa nikimletea dawa, nikimsindikiza kliniki na kukaa naye jioni. Binti yake mkubwa amesema waanze kunilipa, nami nimekubali kwa kuwa kazi nyingine sina. Shida ni mdogo wao wa kiume. Wiki iliyopita aliandika kwenye kundi la familia akiuliza chenji ya dawa ilikwenda wapi. Chenji nilimpa bibi mkononi, lakini hakumbuki, na anasema labda sikumpa. Risiti nilimwachia mezani, haionekani. Nimeumia, ila kazi bado naitaka. Wazee wengine wawili wa mtaani wameshaniuliza kama naweza kuwasaidia na wao. Nifanye nini familia iniamini?*

*Dada wa jirani*

Dada, anza na hilo la chenji kabla ya jambo lingine lolote, na ulifanye leo. Rudi kwenye duka la dawa uombe nakala ya risiti, au angalau wakuandikie bei ya dawa ile na siku uliyoinunua. Maduka mengi ya dawa huweka kumbukumbu za mauzo. Ukishaipata, waandikie watoto wote watatu ujumbe mmoja, usimjibu aliyeuliza peke yake: ulipewa kiasi gani, dawa iligharimu kiasi gani, chenji ilibaki kiasi gani, ulimkabidhi bibi saa ngapi na mlikuwa wapi. Kisha malizia hivi: "Makabidhiano hayo hayakuandikwa, kwa hiyo sina karatasi ya kuwaonyesha. Naomba kuanzia wiki hii tutumie utaratibu huu," na uueleze. Maelezo marefu ya uaminifu wako, miaka uliyojitolea na jinsi ulivyoumia usiyatie humo. Yule kijana aliuliza hesabu, basi apate hesabu.

Kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyafanya katika hali kama yako, na yote mawili huharibu. La kwanza ni kulipa chenji hiyo kutoka mfukoni mwako ili yaishe. Hayaishi. Anayekushuku ataona umerudisha ulichochukua, na anayekuamini ataanza kujiuliza kwa nini umelipa kitu usichodaiwa. La pili ni kuandika kundini kwamba bibi anasahau. Hata kama ni kweli, umemvunjia heshima mbele ya watoto wake, na ujumbe huo ataonyeshwa au atasimuliwa. Mtu kusahau mara moja alikoweka pesa si ugonjwa. Kama umeona anasahau mara kwa mara, mpigie binti mkubwa pembeni umweleze ulichokiona, na tarehe zake. Hilo ni jambo la kumpelekea daktari, nalo lisigeuke kuwa utetezi wako.

Sasa tazama kosa lilipoingia. Wewe hukuiba na bibi hakusema uongo. Chenji ilitoka kwenye pesa za manunuzi, ambazo watoto wanazihesabu, ikaingia kwenye pochi ya bibi, ambayo hakuna anayeihesabu wala mwenye haki ya kuihesabu. Pesa ikivuka mpaka huo bila kuandikwa, haifuatiliki tena. Huenda alimpa mtu, alinunua kitu dirishani, au aliifunga kwenye kitambaa akakisahau. Ukiendelea kumpa chenji mkononi, swali hili litarudi kila mwezi, na siku moja kiasi kitakuwa kikubwa.

Dawa yake ni mfuko mmoja wa manunuzi wenye kiasi kisichobadilika. Chukua bahasha ngumu au kipochi chenye zipu, na daftari la kurasa nyingi lililoshonwa, si la waya, kwa sababu ukurasa ukichanwa kwenye daftari lililoshonwa huonekana. Vyote viwili vinakaa nyumbani kwa bibi, mahali anapopajua yeye na binti mkubwa. Kwako visiingie kabisa. Familia inaweka humo kiasi kinachotosha manunuzi ya wiki mbili, na kiasi hicho mnakiandika kwenye jalada la daftari. Tuseme ni 5,000, kwa fedha yoyote mnayotumia.

Kanuni yake ni moja tu: saa yoyote ukifungua kipochi, pesa iliyomo ukijumlisha na risiti zilizomo lazima vifike 5,000. Siku ya Jumanne umenunua dawa ya presha 1,450, sabuni 320 na betri za redio 180. Jumla ni 1,950. Ndani kunabaki 3,050 na risiti za 1,950, na ukijumlisha unapata 5,000. Siku ya Ijumaa umenunua mboga za 240 kwa muuzaji asiyetoa risiti. Hapo unakata kipande cha karatasi, unaandika tarehe, kitu, kiasi na kwa nani, bibi anatia sahihi au alama ya dole gumba, nacho kinaingia kipochini kama risiti. Sasa pesa ni 2,810 na karatasi ni za 2,190. Bado ni 5,000.

Wiki mbili zikiisha, unapiga picha karatasi zote, unazituma kundini, na familia inarudishia 2,190 kamili. Hapa ndipo utaratibu huu huvunjika katika nyumba nyingi, kwa sababu ya ukarimu. Binti atasema, "Ngoja nitume 2,500 tu, iwe rahisi." Akituma hivyo, kipochi kitakuwa na 5,310, na tangu siku hiyo hakuna anayejua kinatakiwa kuwa na ngapi. Mwombe kwa upole atume kiasi kile kile kilichotumika. Kama anataka kumwongezea mama yake pesa ya matumizi, amtumie mwenyewe, iingie kwenye pochi ya mama na si kwenye kipochi.

Bibi naye akihitaji pesa kutoka kipochini, ni pesa ya familia yake, huna la kumzuia. Unaandika tu: "Bibi amechukua 300, matumizi yake," anatia sahihi, na karatasi inaingia. Usiulize za nini. Kinachotakiwa ni karatasi inayoonyesha kwamba pesa imevuka mpaka, na ni nani aliyeivusha.

Safari ya dukani yenyewe nayo ina mpangilio wake, na ukiuzoea hauchukui zaidi ya dakika tano. Bibi anataja anachotaka, wewe unaandika, kisha unamsomea orodha yote. Msomee ukiwa umekaa mbele yake, uso wako ukiwa kwenye mwanga, kwa sauti ya kawaida na ya taratibu. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na mtu akipaza sauti huzidi kuwa nyembamba, ndiyo maana kupiga kelele hakusaidii. Mambo mengi yanayoitwa usahaulifu huanzia hapa: aliagiza kitu kimoja, ukasikia kingine, au ulimjibu akadhani umekubali. Unatoa kipochini kiasi unachohitaji, unakihesabu kwa sauti mbele yake, unaandika "nimetoka na 2,500". Ukirudi, unaweka vitu mezani kimoja kimoja kwa kufuata orodha, unahesabu chenji kwa sauti, na chenji inarudi kipochini, si mkononi mwa mtu. Unaandika jumla, mnatia sahihi wote wawili. Risiti ipige picha siku hiyo hiyo. Nyingi huchapwa kwenye karatasi inayochapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia yakikaa kwenye jua au mahali penye joto.

Usichanganye pesa hiyo na yako hata kidogo. Ukikosa chenji ukaongezea ya kwako "utanirudishia", umeanzisha deni ambalo halina shahidi. Kama pesa uliyotoka nayo haitoshi, kitu kimoja kinabaki dukani, unakirudia. Na kadi ya benki ya bibi, au namba ya siri ya simu yake, usivipokee hata akikulazimisha kwa wema. Mwambie, "Bibi, siku ukipotelewa na kitu, sitaki jina langu liwe la kwanza kutajwa." Akihitaji kutoa pesa benki mnakwenda naye, anabonyeza mwenyewe, wewe unasimama hatua mbili nyuma ukiwa umegeuka. Asipoweza kutembea, ni kazi ya familia kutafuta njia halali kupitia benki yake.

Siku hesabu itakapokataa, nayo itakuja, usisubiri mwisho wa wiki. Hesabu tena mbele ya bibi, andika "pungufu 60, sababu haijulikani", na uwaarifu watoto jioni hiyo. Pungufu ndogo iliyoandikwa siku yake haimtishi mtu. Daftari ambalo miezi yote halina pungufu hata moja ndilo linalomfanya mwenye macho makali ajiulize kama linajazwa kwa kukisia.

Ukishakuwa na utaratibu huo mkononi, omba kikao. Watoto wote watatu wawepo, hata kwa simu iliyowekwa sauti ya wazi mezani, na bibi awe katikati ya mazungumzo. Hili la bibi kuwepo si la adabu peke yake. Familia nyingi hupanga kazi hii nyuma ya mgongo wa mzee, kisha zinashangaa anapomfukuza msaidizi au kumsingizia. Kwake yeye, wewe ulikuwa jirani; sasa umegeuka mtu aliyetumwa kumchunga. Acha yeye aseme wa kwanza anataka asaidiwe wapi na hataki uguse nini. Kama anaweza kwenda dukani mwenyewe akiwa na mtu wa kumshika mkono, mnakwenda wote, hata kama ungekwenda peke yako ungemaliza kwa nusu ya muda. Misuli ya mtu wa umri ule isipotumika huisha nguvu upesi, na anayefanyiwa kila kitu hufika mahali hawezi kitu.

Katika kikao hicho mwite yule mdogo kwa jina na umwombe awe mkaguzi wa daftari. Huenda utaona ni kama kumpa silaha mtu asiyekupenda, lakini mtu anayeuliza chenji kutoka mbali mara nyingi ni mtu asiye na nafasi yoyote katika malezi ya mama yake, na swali ndiyo nafasi pekee aliyonayo. Mpe kazi ya kupokea picha za karatasi kila wiki mbili na kuthibitisha kwa neno moja: "Sawa." Binti mkubwa analipa, yeye anakagua. Anayelipa asiwe ndiye anayekagua, hiyo ni kinga yako na yake pia.

Mapatano yaandikwe ukurasa mmoja, kila mtu abaki na nakala. Yataje siku na saa za kuja, kazi utakazofanya, kazi usizofanya, malipo, siku ya kulipwa, na muda wa majaribio wa wiki nne ambao kila upande unaweza kuacha bila kinyongo. Usisubiri waombe wadhamini. Wape mwenyewe majina ya watu wawili wanaokufahamu kwa kazi na si ndugu zako, wawapigie wakitaka.

Malipo yapange kwa saa, usiyapange kwa kila safari. Ukilipwa kwa safari, utajikuta unaharakisha, na bibi atajizuia kuagiza kitu kidogo kwa kuogopa gharama. Saa ihesabiwe tangu unapofika kwake hadi unapoondoka, pamoja na muda wa dukani na kwenye foleni, na kila ziara ihesabiwe angalau saa moja hata ukimaliza kwa dakika ishirini. Foleni ya kliniki inayokula asubuhi nzima ni kazi, iandike. Nauli ni gharama na inatoka kipochini kwa karatasi yake. Ujira wako usitoke kipochini hata siku moja. Unakuja kwako moja kwa moja kutoka kwa binti, kwa tarehe maalumu. Na zile jioni ulizokuwa ukikaa naye bure, amua sasa: ama ziingie kwenye saa, ama zibaki za ujirani na zisitajwe kabisa. Kinachozua ugomvi ni kuziacha zikining'inia, halafu mtu mmoja azidai au mwingine azitegemee.

Kwenye kazi usizofanya, andika bila kuona haya. Unaweza kumkumbusha bibi saa ya dawa, kumfungulia kopo na kumsomea lebo. Kuamua kipimo, kukata kidonge katikati kwa kukisia, au kuacha dawa kwa kuwa "leo presha iko vizuri" si kazi yako. Vidonge vingine hutengenezwa viyeyuke polepole, vikikatwa dawa yote huingia mwilini kwa mpigo. Kumnyanyua mtu mzima aliyelegea si kazi yako pia. Mgongo wako utaumia na yeye ataanguka mara ya pili. Siku atakapohitaji kuogeshwa, kugeuzwa kitandani au kufungwa kidonda, kazi imebadilika na inahitaji mtu aliyefunzwa, na mapatano yafunguliwe upya.

Zawadi nazo zitakuja. Tunda au kitambaa cha kichwani, pokea na ushukuru, kisha utaje kwenye taarifa ya siku hiyo. Pesa, kito, samani, au kitu chochote ambacho mtoto wake angekiona hakipo, kikatae, na umwambie bibi kwamba kwa mapatano unaruhusiwa kukipokea akikupa mbele ya mtoto mmoja. Usimkopeshe na usikope kwake. Zaidi ya yote, usiwe shahidi wa karatasi yoyote ya mali au urithi. Hata ukiwa na moyo safi, siku hiyo umeshaingia katika kesi ya ndugu.

Baada ya pesa, kinachojenga au kubomoa imani ni taarifa. Watoto walio mbali huishi na hofu ya kitu wasichokiona, na ukinyamaza siku nne wanakijaza wenyewe. Basi kila ziara tuma ujumbe mfupi, mistari minne au mitano, muda ule ule. Andika ulichokiona au kukisikia, uache hukumu. "Mama hali yake si nzuri" itamfanya mtu apande gari usiku, na mwingine aseme unatia chumvi. Andika hivi:

"Nimefika saa 4 asubuhi, nimeondoka saa 6. Chai amekunywa, mkate ameacha nusu. Dawa ya asubuhi ameinywa mwenyewe mbele yangu. Tumetembea hadi kona na kurudi, amepumzika mara moja. Anasema goti la kushoto linauma kuliko jana. Nimetumia 240, karatasi iko kipochini."

Ujumbe huo ukirudiwa wiki baada ya wiki una faida nyingine kubwa. Siku ukisoma "amepumzika mara tatu" na "mkate ameacha wote" siku nne mfululizo, hata asiye daktari anaona mwelekeo, na daktari atapata kitu cha kushika badala ya "amedhoofika dhoofika".

Lakini bibi si mfungwa na wewe si mpelelezi. Katika kikao kile kile, mbele yake, tajeni mambo ambayo utawaambia watoto siku zote hata akikuomba unyamaze. Yasiwe mengi. Kuanguka, hata kama hakuumia. Dawa iliyokosekana siku nzima. Mtu yeyote anayemwomba pesa, sahihi au namba ya siri, ana kwa ana au kwa simu. Na mabadiliko ya ghafla ya akili au ya mwili. Mengine yote ni yake: aliongea na nani, alimlilia nani, anamlalamikia mkwe gani, alikwenda wapi kuabudu. Mtoto akikuuliza, mjibu, "Hilo muulize mama mwenyewe, atafurahi ukimpigia." Mzee akigundua maneno yake yanafika kundini, ataacha kukuambia, na la kwanza atakaloacha kukuambia ni kwamba alianguka bafuni.

Mabadiliko ya ghafla yanataka maelezo kidogo kwa sababu hapo ndipo wasaidizi wengi wa majirani hukosea, wakidhani ni uzee. Usahaulifu wa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Bibi aliyekuwa timamu jana, leo hajui ni asubuhi au jioni, au anasinzia katikati ya sentensi, ana kitu kinachomsumbua mwilini: mara nyingi ni maambukizi kama ya njia ya mkojo au mapafu, kukosa maji, au dawa mpya. Aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Uso ukilegea upande mmoja, mkono ukishindwa kuinuka, au maneno yakivurugika, usipigie watoto kwanza. Ita msaada wa dharura, angalia saa na uandike dalili zilianza lini, kwa sababu matibabu ya kiharusi hutegemea sana muda huo, kisha ndipo uwapigie. Akianguka, usimvute kumsimamisha. Akilalamika nyonga au kinena, au ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, mfunike abaki pale pale na uite msaada. Akijigonga kichwa naye anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa, maana damu inaweza kuvuja ndani taratibu. Bandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari majina ya dawa zake zote, vipimo vyake, mzio alio nao, na namba za kupigia kwa mpangilio.

Ufunguo kama utapewa, uandikwe kwenye mapatano kwamba unao, na usiufunge kibandiko chenye jina wala namba ya nyumba. Gonga kila mara na usubiri aitike kabla ya kufungua, hata kama anakutarajia. Siku ukiugua, usimtume mdogo wako au rafiki. Tafuteni mapema mtu wa akiba ambaye bibi anamkubali, uje naye ziara mbili mkiwa wote wawili, na jina lake lijulikane kwa familia. Mgeni aliyefunguliwa mlango kwa kauli yako ni dhamana yako.

Kuhusu wale wazee wawili wengine, waambie wakusubiri hadi wiki nne za majaribio zipite. Kisha anza na mmoja, na wa pili baada ya mwezi mwingine, kwa sababu kliniki na siku za kuchukua dawa zina tabia ya kuangukia asubuhi moja, na ukiwa na watatu utajikuta unamwacha mmoja kwenye benchi ukimkimbilia mwingine. Kabla ya kukubali, panga ratiba zao zote kwenye karatasi moja uone kama zinagongana, na ubakize angalau asubuhi moja kwa wiki isiyo na mtu, ya dharura. Kila nyumba iwe na kipochi chake, daftari lake na mapatano yake, hata kama dukani unakwenda safari moja. Lipia kila orodha peke yake upate risiti mbili. Ya nyumba hii usiyataje nyumba ile, hata yale mazuri. Na muda wa safari moja ya nyumba mbili ugawe nusu kwa nusu kwenye madaftari yote mawili, kwa sababu wazee hawa wanajuana, na watoto wao wataulizana.